Wiki ya albamu, chaneli yangu imetekwa

Shikamoo dada,

Mimi ni msanii wa hapa Arusha, naishi Ngarenaro, nina miaka 22. Albamu yangu ya kwanza inatoka Ijumaa hii. Wiki iliyopita nilipata imeili ya watu waliosema ni kampuni ya hedifoni, wanataka niwatangazie kwenye video zangu, malipo dola 400. Jumamosi jioni nikiwa studio nikapakua mkataba wao kwenye kompyuta ya prodyuza. Lilikuwa faili la zipu lenye pasiwedi, na pasiwedi yenyewe wameiandika humo humo kwenye imeili. Nikabofya mkataba, haukufunguka, nikaachana nao.

Jumapili asubuhi nikaamshwa na simu za mashabiki. Chaneli yangu ya YouTube imebadilishwa jina, picha imekuwa roketi, video zangu hazionekani, na kuna laivu ya mzungu anaongelea sarafu za mtandaoni. Pasiwedi ya Gmail inakataa. Namba ya kurejeshea akaunti wameweka yao, na yangu ilikuwa ya laini niliyoibiwa pamoja na simu mwezi uliopita. Kinachonichanganya ni kwamba ulinzi wa kuthibitisha kwa simu nilikuwa nimeuwasha, na simu haikuniuliza kitu.

Nyimbo zipo tayari kwa msambazaji. Kwenye chaneli nilishapandisha video tatu za albamu, nimezificha zisubiri Ijumaa. Kuna kijana anasema atairudisha chaneli kwa laki tatu, anataka nusu kwanza. Nimpe? Au nisogeze albamu mbele?

Msanii wa Ngarenaro

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Majibu haya nimeshakutumia kwenye simu leo hii Jumatatu. Nayaweka hapa kwa sababu wasanii wengi wa Arusha na Moshi wanatumia kompyuta za studio kama wewe, na wana laini za zamani kama yako.

Kijana wa laki tatu usimpe hata mia. Albamu usiisogeze. Sababu za yote mawili nitazieleza, lakini katika kuirudisha chaneli kuna jambo moja la kufanya kabla ya mengine yote, nalo ni ile laini.

Mtu akibadilishiwa namba au imeili ya kurejeshea akaunti, Google huendelea kuzikubali zile za zamani kwa muda wa hadi siku 7 tangu zilipobadilishwa. Kipindi hicho kimewekwa kwa ajili ya watu waliofanyiwa kama ulivyofanyiwa. Wezi wako wamebadilisha kati ya Jumamosi usiku na Jumapili alfajiri, kwa hiyo mlango huo unafungwa mwisho wa wiki hii. Ukiipata laini yako ya zamani leo au kesho, una njia ya kuingia. Ukiipata wiki ijayo, itakuwa laini ya kupigia tu.

Kwanza ipigie hiyo namba. Ikiwa haipatikani, nenda duka la kampuni ya simu na namba yako ya NIDA, weka kidole, omba kurudishiwa laini. Kama ilisajiliwa kwa jina la mama au kaka, yeye mwenyewe ndiye anayetakiwa kwenda kuweka kidole, hata kama yuko Moshi, basi aende duka la Moshi kisha akusomee ujumbe ukiingia. Usimpeleke mtu mwingine na maelezo. Kwa kuwa laini ilipotea na simu mwezi uliopita tu, hili linawezekana kabisa.

Laini ikiwa hewani, usirudi studio. Tumia simu yako mwenyewe, ile ambayo Gmail hiyo imekuwa ikifunguliwa kila siku, na ukae nyumbani au mahali ulipozoea kuitumia. Google wanapoamua kama wewe ni wewe, wanaangalia pia kifaa na eneo, na simu waliyoizoea pale Ngarenaro ina uzito kuliko kompyuta nzuri ya rafiki yako kule Njiro. Fungua g.co/recover, andika anwani ya Gmail yako. Ukiulizwa pasiwedi, weka ya mwisho unayoikumbuka hata kama inakataliwa ukiingia kwa kawaida. Wakikuonyesha namba isiyo yako, bonyeza "Try another way" mpaka ifike kwenye namba yako ya zamani. Wakikuambia usubiri saa kadhaa au siku kadhaa, subiri kweli. Kujaribu mfululizo kwa hasira kunafanya mfumo ukufungie kwa muda, na wiki hii huna muda wa kupoteza.

Sasa nikujibu hilo linalokuchanganya, kwa sababu usipolielewa utaingia tena kwenye mtego uleule. Hukuvunjiwa pasiwedi. Ukishaingia kwenye Gmail mara moja, kivinjari cha kompyuta huhifadhi kifaili kidogo kiitwacho kuki, ambacho kinaiambia Google kwamba huyu ameshathibitishwa. Kinafanya kazi kama ule mkanda wa mkononi unaofungwa mlangoni kwenye shoo: ukiwa nao, mlinzi hakuulizi tena tiketi. Lile faili la "mkataba" lilikuwa programu. Ulipolibofya likakusanya kuki zote zilizokuwa kwenye kivinjari cha studio na kuzituma kwa mwenyewe. Yeye akazitumia kwake, Google wakaona mtu ambaye tayari yuko ndani, ndiyo maana simu yako haikuulizwa kitu.

Zipu yenye pasiwedi ilikuwa na kazi yake. Gmail hukagua viambatisho, lakini haiwezi kuona ndani ya faili lililofungwa kwa pasiwedi. Ukilitazama vizuri faili la ndani, jina lake lingeishia na .scr au .exe badala ya .pdf, japo picha yake inafanana na ya PDF, na Windows kwa kawaida huficha hizo herufi za mwisho. Mara nyingi pia hujazwa takataka mpaka lifike mamia ya megabaiti, ili programu za kukagua virusi zishindwe kulipima. Mkataba wa kurasa nne hauwezi kuwa na ukubwa wa albamu nzima. Na wewe umeniambia ulibofya na hakuna kilichofunguka. Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Hujachaguliwa kwa sababu una adui Arusha, kama nilivyokusikia ukihisi. Oktoba 2021 Google walichapisha uchunguzi wao kuhusu wizi huu wa kuki, wakieleza kwamba wamekuwa wakiwafuatilia watekaji wa chaneli za YouTube tangu mwishoni mwa 2019. Chaneli zilizoibwa zilikuwa zikiuzwa kati ya dola 3 na dola 4,000 kulingana na idadi ya wafuasi. Machi 2023 waliofanyiwa ni Linus Tech Tips wa Canada, chaneli ya teknolojia yenye wafuasi zaidi ya milioni 15: mfanyakazi alifungua faili lililojifanya ofa ya udhamini, chaneli ikageuzwa jina kuwa Tesla na kurusha laivu ya sarafu. Kama wale wanaokaa na kompyuta mchana na usiku yamewapata, usijilaumu.

Siku utakayofanikiwa kuingia, tulia na ufuate mpangilio. Badilisha pasiwedi kwanza, kisha nenda sehemu ya usalama ya akaunti, fungua "Your devices", utoe kila kifaa isipokuwa simu uliyoshika. Bila hivyo kuki ya mwizi inaweza kuendelea kumwingiza. Halafu kagua namba na imeili za kurejeshea. Kagua pia njia za kuthibitisha, maana wezi huongeza simu yao au ufunguo wao humo ili waweze kurudi. Futa usichokijua, tengeneza upya zile namba za akiba za "Backup codes".

Ndani ya Gmail kwenyewe kuna mahali watu wengi hawaangalii: vichujio na uelekezaji wa barua. Mwizi anaweza kuweka kichujio kinachofuta kila barua ya YouTube, ukabaki hujui hata chaneli inapopewa onyo. Sehemu hiyo haipo kwenye programu ya simu. Utahitaji kompyuta safi ya ndugu unayemwamini, fungua mipangilio, kisha "Filters and Blocked Addresses" na "Forwarding and POP/IMAP". Ukimaliza toka kwenye akaunti.

Ndipo uende YouTube Studio, kwenye "Permissions", uone nani ameongezwa kuwa mmiliki au meneja. Waondoe. Ukiingia kwenye Gmail yako na kukuta haina chaneli kabisa, maana yake wameihamishia kwenye akaunti nyingine, na hapo utahitaji YouTube wenyewe waingilie.

Kabla ya kufuta uchafu wao, piga picha za skrini: jina walilobandika, laivu, tarehe na saa. Kisha zima laivu na ufute video zao. Video zako pengine hazijafutwa, na unaweza kulijua hilo leo hii bila kuingia kwenye akaunti. Tafuta kiungo cha wimbo wako wa zamani ulichowahi kukituma WhatsApp, kifungue. Kikisema "Private video", wimbo upo, umefichwa tu. Kikisema umeondolewa na aliyeupandisha, umefutwa, na hilo uwaambie YouTube mapema waurudishe. Usikimbilie kuupandisha upya, kwa sababu ukiupandisha upya watazamaji wote wa miaka yote wanaanza na sifuri.

Hapa kwenye kufichua video uwe makini sana. Studio inakuruhusu kuweka alama kwenye video zote kwa pamoja na kubadilisha "Visibility" kuwa ya wote kwa mara moja. Mtu aliyechoka na mwenye furaha ya kurudishiwa chaneli atafanya hivyo, na zile video zako tatu za albamu zitatoka pamoja na nyingine, siku mbili kabla ya Ijumaa. Kaa na daftari, andika zipi zilikuwa za wazi, zipi zilikuwa zimefichwa, kisha uchague kwa mkono.

Kuna mambo mawili yanayoweza kukubana hata baada ya kurudi ndani. La kwanza ni jina: YouTube wanaruhusu kubadilisha jina la chaneli mara mbili tu ndani ya siku 14, na kama mwizi amezimaliza hizo mara mbili, utalazimika kusubiri au kuomba msaada. Ile anwani inayoanza na @ huwa inashikiliwa kwa siku 14 baada ya kubadilishwa ili uweze kuirudia, kwa hiyo irudie mapema. La pili ni zito zaidi. Laivu ya utapeli inaweza kuipa chaneli yako adhabu ya kuvunja kanuni. Adhabu ya kwanza inakuzuia kupandisha video kwa wiki nzima, na video zilizopangiwa muda hugeuzwa kuwa za siri. Adhabu tatu ndani ya siku 90 zinafunga chaneli. Kwa hiyo unaweza kuipata chaneli Jumatano na bado usiweze kuachia video Ijumaa. Kata rufaa, eleza kwamba akaunti ilikuwa imetekwa, taja tarehe, lakini rufaa hiyo ifuate baada ya kuilinda akaunti, maana wakikuta mwizi bado yumo haina nguvu.

Wakati unahangaika na Gmail, usisubiri kimya. Andika kwenye mtandao wa X ukimtaja @TeamYouTube, kwa sentensi chache: chaneli yangu imetekwa siku fulani, hiki ndicho kitambulisho chake. Kitambulisho huanza na UC na kina herufi na tarakimu 24, na hakibadiliki hata jina likibadilishwa mara ngapi. Mwombe shabiki aliyejiandikisha afungue chaneli kwenye kompyuta, aende kwenye maelezo yake, abonyeze "Share channel" kisha "Copy channel ID". Wafuasi wako bado wamejiandikisha humo, ndiyo maana Jumapili waliiona laivu kwenye simu zao.

Ukishaandika, ndani ya dakika chache utajibiwa na watu wengi usiowajua: "mimi nilitekwa hivyohivyo, fulani wa Instagram akanirudishia." Hao wote, pamoja na kijana wako wa laki tatu, wako kundi moja kwa maana hii: hakuna mlango wa pembeni wa Google unaofunguliwa kwa hela. Anachoweza kufanya ni kujaza ile fomu ya g.co/recover ambayo wewe unaijaza bure, tena kwenye kifaa ambacho Google hawakijui, akipunguza nafasi yako. Au atakuomba namba ya uthibitisho inayoingia kwenye laini yako, na ukimpa, chaneli itakuwa imetekwa mara ya pili. Hiyo laki na nusu anayoitaka mbele itakufaa kwenye bango la shoo.

Sasa albamu. Nyimbo hazipiti kwenye chaneli yako kabisa. Ulizikabidhi kwa msambazaji, naye ameshazipeleka kwenye Boomplay, Spotify, Apple Music na kwingine zikiwa na tarehe ya Ijumaa. Hata YouTube yenyewe huzipokea kutoka kwake na kuziweka kwenye ukurasa unaojitengeneza wenyewe wenye jina lako na neno "Topic". Mwizi hana mkono huko. Ukiiondoa tarehe leo, msambazaji atalazimika kuwaandikia upya wote hao, na unaweza kukuta albamu iko sehemu moja na nyingine haipo kwa wiki kadhaa. Iache itoke.

Ila naomba leo hii, hata kabla ya kwenda kwenye laini, ufungue akaunti ya msambazaji kwa simu yako. Uliifungua kwa Gmail ileile, sivyo? Aliye ndani ya Gmail anaweza kubonyeza "nimesahau pasiwedi" na akaingia kwa msambazaji, akabadilisha akaunti ya malipo. Weka imeili mpya, pasiwedi mpya, hakikisha namba ya benki au ya simu ya malipo ni yako, kisha uwaandikie kwamba imeili ya zamani imeibwa wasiikubali. Mtekaji wa chaneli huwa anatafuta watu wa kuwatapeli kwenye laivu, lakini kuki hizo huuzwa kwa wengine, na wa pili anaweza kupendezwa na mirabaha.

Kuhusu video, ningekuwa wewe nisingefungua chaneli mpya wiki hii. Utawagawa wafuasi, na kama msambazaji wako amewasha ulinzi wa Content ID, ule unaotambua wimbo ukitumika kwenye video za YouTube, video yako mwenyewe inaweza kudaiwa kwenye hiyo chaneli mpya kabla hujaeleza kwamba ni wewe. Ijumaa itangaze albamu ya kusikiliza. Weka kiungo cha maduka kwenye Instagram na hadhi ya WhatsApp, peleka nyimbo redioni hapo mjini kama ulivyopanga, na video zifuate chaneli itakaporudi.

Leo hii pia rekodi video fupi uso wako ukionekana, useme ile laivu siyo yako na mtu asitume pesa. Hawa watu huwaahidi watazamaji kwamba ukituma sarafu zitarudi maradufu. Shabiki wa Unga Limited aliyekuamini wewe ndiye atakayeumia, na ni haki yake asikie kutoka kwako.

Nenda na picha zako za skrini kituo cha polisi, ueleze, upewe namba ya RB. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Sikuahidi kwamba watamkamata mtu aliye nchi ya mbali kabla ya Ijumaa. RB itakufaa kwa wadhamini wa shoo na kwa yeyote atakayedai wewe ndiye uliyemtapeli.

Limebaki la prodyuza wako, na najua unaona aibu kumwambia. Mwambie leo. Kila msanii aliyewahi kufungua Gmail, Instagram au Facebook kwenye kompyuta ile na kuiacha wazi, kuki zake zimeondoka pamoja na zako. Prodyuza akikagua virusi na kukuta hakuna, isimfariji. Programu nyingi za aina hii hufanya kazi mara moja na kujifuta. Ahifadhi miradi ya nyimbo pembeni, asihifadhi programu, afute diski na kupiga Windows upya. Zile plagini za bure zilizovunjwa kufuli asizirudishe, kwa sababu nazo hubeba wezi wa namna hiyohiyo. Halafu awapigie wasanii wake mmoja mmoja, kila mtu atoke kwenye vifaa vyote na kubadilisha pasiwedi kwa simu yake mwenyewe. Kuanzia hapo anayehitaji kukupandishia video mpe nafasi ya "Editor" kupitia "Permissions" kwa Gmail yake, na Gmail yako isifunguliwe tena studio.

Ukishaipata laini niandikie, hata kama ni usiku, tuijaze ile fomu pamoja kwenye simu.